Sifuri Aliyesimama Chini ya Ngazi

Wanafunzi wake walimwita Bwana Egemeo, naye alijua, na tukisema kweli alilipenda jina hilo kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Alifundisha mekanika katika chuo cha ufundi, kwenye darasa lenye feni mbili, moja inazunguka na nyingine ilishakata tamaa. Kila mwaka alianza na mchoro ule ule: mstari wa sakafu, mstari wa ukuta, ngazi iliyoegemea, na juu yake mtu mdogo mwenye kichwa kama yai. Kisha aligeuka na chaki mkononi, akauliza swali lake.

"Haya, tunaweka egemeo wapi?"

Egemeo, aliwaeleza, ni ile nukta unayoamua mwenyewe kwamba kila kitu kitajaribu kuzunguka hapo. Hakuna anayekulazimisha. Unaweza kuiweka juu, chini, hata hewani. Lakini ukiiweka mahali ambapo nguvu fulani inapita, nguvu hiyo inakosa umbali wa kuzungushia kitu, na chochote ukikizidisha kwa sifuri ni sifuri. Inatoka kwenye hesabu, umeachana nayo. "Fundi wa hesabu ni mvivu mwenye akili," alipenda kumalizia, na wanafunzi walicheka, kwa sababu kila mwaka walikuwa wapya. Yeye ndiye hakuwa mpya. Alikuwa amekwama kwenye darasa lile kama tairi kwenye tope, na dawa yake ya kukwama ilikuwa moja tu: kuwa na hakika juu ya kila kitu.

Nyumbani aliishi na dada yake mkubwa. Nyumba ilikuwa ya wazazi. Walipofariki, mama kwanza na baba muda si mrefu baadaye, Dada aliacha shule akakaa kwenye cherehani ya marehemu mama, akamlea mdogo wake mpaka akaota ndevu, akapata cheti, akapata kazi. Hakuondoka. Mdogo wake naye hakuondoka. Wanawake waliomkaribia walisikiliza hesabu mara mbili tatu, wakakumbuka wana shughuli mahali pengine. Basi wakabaki wawili, yeye na Dada, wakila meza moja, wakigombania dirisha lifunguliwe au lifungwe, mpaka mvi zikawapata wote wawili chini ya paa moja.

Dada alikuwa mnene, mwenye kicheko cha tumboni, na mtaa mzima ulimwita Fundi. Alishonea kwenye chumba kilichoungwa nyuma ya nyumba, zamani stoo, ndiyo maana kuta zake zilikuwa ndefu kupita kiasi na dirisha dogo la vioo vya kupangana lilikaa juu kabisa karibu na bati. Kuta zilipakwa rangi ya mafuta ili vumbi lifutike. Sakafu ilikuwa ya vigae, na juu ya vigae kulikuwa na maisha yote ya fundi cherehani: unga wa chaki ya kuchorea vitambaa, nyuzi, na matone ya mafuta ya mashine yaliyokanyagwa mpaka yakang'aa.

Sasa, kwa miezi kadhaa kulikuwa na jambo kati yao. Shoga yake Dada, aliyesoma naye kabla hajaacha shule, alikuwa amefungua darasa la ushonaji katika mji mwingine, akamwomba aende wakafundishe pamoja. Dada alitaka kwenda. Alitaka kwa namna ambayo mtu mzima anataka kitu alichokikosa akiwa msichana, yaani alikuwa akilizungumza huku anaangalia pembeni. Kila alipolianzisha mezani, Bwana Egemeo alikumbuka ana daftari za kusahihisha. Alinyanyuka, akabeba sahani yake, akaondoka. Hakuwahi kusema hapana. Aliondoka tu mezani, mpaka Dada akazoea kuongea na kiti kitupu.

Ukweli ni kwamba aliogopa. Nyumba isiyo na sauti ya cherehani hakuwahi kulala ndani yake hata mara moja tangu azaliwe.

Jumamosi moja mchana, wingu likiwa limekaa vibaya, Dada alimkumbusha kuhusu kile kidirisha. Vioo viwili vilikuwa vimelegea, na mvua ikija upande ule maji yanaingia hadi kwenye meza ya kukatia.

"Umeniahidi tangu lini?" alisema. "Nguo za watu zikilowa nitasema ni wewe."

Bwana Egemeo alileta ngazi ya aluminiamu, ile ambayo soli zake za mpira zilishalika. Chini ya dirisha palikuwa na kabati la vitambaa, zito kama kaburi, wala hakuna aliyewahi kulisogeza. Kwa hiyo ilibidi mguu wa ngazi ukae mbali na ukuta kuliko inavyopaswa. Yeye mwenyewe alifundisha kwamba umbali wa chini uwe robo ya kimo cha ngazi ukutani. Hapa ulikaribia nusu. Aliona, akasikitika kidogo kitaalamu, akaendelea.

Dada, bila kuambiwa, akaja akapanda kwenye kipago cha chini kabisa, kile unachokanyaga kwanza, akashika nguzo za ngazi pande zote mbili. Ndivyo alivyofanya siku zote, tangu baba yao alipokuwa akipanda kuziba paa. Baba alikuwa akiita, "Njoo ukae hapo," naye anakuja anakaa. Hakuna aliyemweleza sababu. Na kila mara, akiwa amesimama pale chini, swali lake lilikuwa moja, alilirudia mpaka mtu anakereka.

"Umemaliza?"

"Hata sijapanda, Dada!"

"Nauliza tu."

Bwana Egemeo akashusha pumzi. Siku hiyo asubuhi lile jambo la mji mwingine lilikuwa limeanzishwa tena kwenye chai, na bado lilikuwa linamuwasha.

"Dada, hebu shuka. Huna unachofanya hapo."

"Nashikilia ngazi."

"Hushikilii kitu. Ngoja nikueleze." Akaokota kipande cha chaki mezani, akachora kwenye kigae ngazi yake na ukuta wake. "Tunaweka egemeo hapa, mguuni mwa ngazi. Sawa? Nani yuko mguuni? Wewe. Umbali wako kutoka kwenye egemeo ni sifuri. Uzito wako mara sifuri ni ngapi?"

Dada aliendelea kushika nguzo.

"Sifuri. Unatoka kwenye hesabu. Uwepo, usiwepo, msuguano unaohitajika kuizuia ngazi isiteleze ni ule ule. Nenda kapige pasi zako."

Alisema kwa utani, au ndivyo alivyojidai baadaye. Dada aliutazama mchoro ule kwa muda. Alitafuta mahali alipochorwa yeye, hakupaona. Akashuka kwenye kipago, akafuta mikono yake kwenye kanga kana kwamba ilikuwa michafu.

"Miaka yote hii," alisema, "kumbe ni sifuri."

Akatoka, na mlango wa katikati akaufunga taratibu, jambo ambalo kwa Dada lilikuwa baya kuliko kuubamiza.

Bwana Egemeo akapanda. Vipago vya chini vilikuwa salama salimini. Vya katikati navyo vilikuwa sawa. Alipofika karibu na kilele, waya na koleo mfukoni, akanyoosha mkono kukamata kioo cha kwanza, akasikia kutoka chini mlio mdogo, mlio wa mpira unaoburuzwa kwenye kigae. Ngazi ikashuka. Haikushuka sana, upana wa viganja viwili labda, lakini moyo wake ulishuka zaidi. Koleo likamtoka mfukoni likaanguka. Kisha ngazi ikasimama, kwa kishindo kidogo.

Alitazama chini bila kugeuza kichwa, kwa macho tu. Mguu mmoja wa ngazi ulikuwa umekwama kwenye ukingo wa kigae kilichoinuka kidogo kuliko wenzake, kigae ambacho Dada alikuwa akijikwaa kila siku na kila siku akiomba kitengenezwe. Mguu wa pili haukushikwa na kitu.

"Dada," aliita, kwa sauti ndogo.

Ndipo mvua ikaanza. Si ya kunyunyiza. Ilifika yote kwa pamoja, na bati lililokuwa juu kidogo tu ya kichwa chake likapiga kelele mpaka hakuweza kujisikia mwenyewe. Akaita tena, kwa nguvu. Hakuna kitu. Angeweza kuimba, angeweza kutukana, ingekuwa mamoja.

Alijaribu kushuka. Hilo ndilo la kwanza mtu analofanya, na hesabu iko upande wake: kila kipago unachoshuka kinapunguza mzigo ambao msuguano unapaswa kuuzuia. Lakini hesabu hiyo ni ya ngazi iliyotulia, na kushuka si kutulia. Alipoinua mguu mmoja, mwili ukayumba, ngazi ikatetemeka, ule mguu usioshikwa ukatambaa ukilia. Akaurudisha unyayo wake pole pole kama mtu anayerudisha kitu alichoiba. Alijaribu kushika fremu ya dirisha. Mbao zikamong'onyoka vidoleni, mchwa walikuwa wamezimaliza zamani. Basi hapo akabaki, shavu karibu na ukuta unaonukia rangi ya mafuta, hawezi kupanda, hawezi kushuka, hawezi kukaa, hawezi hata kujikuna.

Vile vioo vilivyolegea vikaanza kazi yao. Maji yaliingia, yakamlowesha bega, yakateremka ukutani kwa mifereji miembamba, yakaingia nyuma ya kabati. Alijua yatakakotokea. Sakafu ile ilikuwa na mteremko mdogo kuelekea katikati ya chumba. Maji yangepita chini ya kabati na kufika kwenye mguu wa ngazi, kwenye chaki na mafuta, na kuyafanya uji.

Mtu mwingine angesali. Yeye pia alisali kidogo, hatutamnyima. Lakini kichwa chake kilijua njia moja tu ya kutulia, kikaanza kuchora.

Nguvu zote, alijiambia. Sakafu inasukuma ngazi kwenda juu. Sakafu hiyo hiyo, kwa msuguano, inaisukuma kuelekea ukutani. Ukuta unaisukuma kuelekea chumbani. Ukuta nao una msuguano wake, lakini ni rangi ya mafuta iliyolowa, na hakuna ajuaye unabeba kiasi gani mpaka ngazi ianze kuteleza. Basi tuseme haubebi kitu. Halafu uzito. Uzito wangu.

Tunaweka egemeo wapi?

Kwa mazoea alitaka kuliweka mguuni. Lakini mguuni palimuudhi, palikuwa na ule mchoro wa chaki, na zaidi ya hapo ukiweka egemeo pale unaufuta msuguano wa sakafu, na msuguano ndio pekee aliokuwa akiutaka kujua habari zake. Akatafuta nukta nyingine. Akaipata hewani, mahali pasipo na kitu: wima juu ya mguu wa ngazi, kwa usawa wa kilele chake. Msukumo wa sakafu kwenda juu unapita hapo, umetoka. Msukumo wa ukuta unapita hapo pia, umetoka. Kinabaki msuguano wa sakafu mara kimo chote cha ngazi, ukipambana na uzito wake mara umbali wake wa mlalo kutoka mguuni. Basi. Vitu viwili. Alikuwa amepanda, umbali ukakua, na msuguano uliotakiwa ukakua naye mpaka sakafu ikashindwa kuutoa. Lilikuwa egemeo zuri ajabu, na kwa nusu dakika, akiwa analowa kama kuku, alijisikia mwerevu.

Halafu akafanya kile ambacho katika miaka yote ya kufundisha hakuwahi kukifanya. Alisimama, kwa akili yake, kwenye ile nukta ya hewani, akatazama chini. Wima. Chini yake kabisa palikuwa na kipago cha chini, na hapakuwa na mtu.

Pale ndipo Dada alipokuwa akisimama.

Kutoka hapa juu pia ni sifuri, aliwaza. Umbali wake hauongezi chochote kwenye msuguano unaotakiwa. Hilo lilikuwa kweli nilipomwambia na ni kweli sasa. Lakini swali halikuwa moja, yalikuwa mawili. La kwanza, ngazi inadai msuguano kiasi gani? La pili, sakafu inaweza kutoa kiasi gani? Na sakafu hutoa kulingana na inavyokandamizwa. Nani anaikandamiza? Yeye, na kile kidude chepesi cha aluminiamu. Na Dada, angekuwepo. Dada mwenye uzito kumzidi yeye. Angeikandamiza sakafu kwa mwili wake wote na asidai msuguano hata chembe. Msukumo ule wa sakafu aliokuwa ameutupa nje ya hesabu ili mambo yawe mepesi haukuwa umekufa. Ulikuwa umejificha nyuma ya egemeo lake, ukiwa ndio unaomweka hai kila alipopanda ngazi katika nyumba ile.

Alijibu swali la kwanza akadhani amemaliza. Mwanafunzi angefanya hivyo angempa nusu ya alama, na kejeli juu yake.

"Dada!" alipiga kelele. "Dada yangu!"

Bati lilimmeza. Maji yakachungulia chini ya kabati, mstari mwembamba unaong'aa, ukasimama kwenye kiungo cha vigae, ukafikiri, ukaendelea. Bwana Egemeo alilia. Alilia kwa woga, na kwa aibu, na kwa sababu alikuwa ameegemeza paji la uso ukutani na hakuna aliyemwona.

Mlango ukafunguliwa. Dada hakuja kwa ajili yake, tuseme ukweli. Alikuja kuokoa vitambaa. Aliingia ameshika karai, akaenda moja kwa moja kwenye meza ya kukatia, akaanza kukunja nguo za watu, na ni pale alipokanyaga koleo ndipo alipoinua macho.

"Umemaliza?" aliuliza, kwa ukavu.

"Dada, nakufa."

Aliangalia ngazi, akaangalia mguu wake, akaangalia ule mkwaruzo mweusi kwenye vigae. Karai likatua chini.

"Nisukume meza ije izuie?"

"Usisukume kitu! Ikiguswa tu imekwenda."

"Niizuie kwa mikono?"

"Utateleza wewe mwenyewe, kuna maji yanakuja. Dada, sikiliza. Panda kwenye kipago cha chini. Pale pako. Taratibu, usiivute ngazi kwako, shika nguzo chini chini, uzito wote ushuke wima."

Dada alisimama pale pale. Alikuwa na macho ya mtu anayesikia vibaya.

"Si ulisema mimi ni sifuri?"

"Nilikosea."

"Hesabu ilikosea?"

"Hesabu haikukosea. Mimi ndiye niliyekosea. Nilihesabu unachodai nikaona hudai kitu, sikuhesabu unachobeba. Dada, wewe ndiye unayeishikilia. Siku zote ulikuwa unaishikilia. Panda, nakuomba."

Dada alivua ndara zake. Alifuta nyayo zake kwenye kanga, moja, kisha nyingine, akaweka mguu kwenye kipago cha chini kama mtu anayeingia chumba cha mtoto aliyelala, akahamisha uzito wake kidogo kidogo, mpaka mguu wa pili nao ukaiacha sakafu. Ngazi ikatoa mguno. Halafu ikanyamaza. Bwana Egemeo aliusikia unyamavu huo kwenye nyayo zake: kile kitetemeko kidogo ambacho hakikumwacha tangu mvua ianze kilikuwa kimekwisha.

"Kumbe unene una kazi," alisema Dada chini.

"Una kazi, Dada."

"Sema tena."

"Una kazi kubwa. Sasa naanza kushuka."

"Ngoja," alisema Dada. "Kabla hujashuka."

Maji yalikuwa yamefika kwenye kigae kilichoinuka. Aliyaona, naye Dada aliyaona.

"Sikutishi," alisema Dada. "Sitashuka hapa mpaka uguse sakafu, hata ukisema nini. Unanisikia? Hilo liache. Lakini nitasema neno, na leo huwezi kubeba sahani yako ukaondoka."

Bwana Egemeo alifumba macho.

"Naenda kwa shoga yangu," alisema Dada. "Mwezi ujao. Sikuombi ruhusa, wewe mtoto niliyekufuta kamasi. Nilitaka tu uniambie nenda salama, kama mtu. Kila nikikuambia unaondoka. Nimesimama hapa chini tangu baba yupo. Naijua sakafu hii kigae kwa kigae. Sijui kule juu mnaona nini."

Mvua iliendelea kupiga. Kulikuwa na majibu mengi kwenye kinywa cha Bwana Egemeo, yale ya kila siku: nani atapika, nani atafunga geti, umri huu unaenda kuanza nini? Aliyatafuta, akakuta yote yanaanza na yeye.

"Naogopa," alisema. Lilikuwa neno ambalo hajawahi kulitumia mbele ya mtu. "Naogopa kubaki humu ndani peke yangu."

"Najua," alisema Dada. "Mimi pia niliogopa, nikiwa na miaka ya kucheza, nimebaki humu na wewe."

Hilo hakulijua. Katika maisha yake yote hakuwahi kufikiri kwamba Dada naye alikuwa mtoto wazazi walipofariki.

"Nenda, Dada," alisema akiwa ameukabili ukuta. "Nenda salama."

"Haya. Sasa shuka. Kwa utaratibu."

Akashuka. Kipago kwa kipago, mwili karibu na ngazi, na kila alipoteremka aliweza kuhisi dai lile likipungua, umbali ukifupika, mpaka mgongo wake ukagusa kichwa cha Dada, na ngazi haikuhitaji tena kushikiliwa na mtu. Alimwambia hivyo. Dada alishuka kwanza, kwa sababu alikuwa njiani, akatia miguu kwenye maji, akampa mkono. Wakasimama wawili ndani ya dimbwi, halafu Dada akageuka akaenda kuokoa vitambaa, maana vilikuwa bado vinalowa.

Mwezi uliofuata aliondoka, na cherehani ya mama akaondoka nayo. Bwana Egemeo alimbebea mizigo mpaka kituoni, akamwambia tena nenda salama, safari hii akimtazama usoni.

Chuoni, muhula mpya ulipoanza, alichora sakafu, ukuta, ngazi na mtu mwenye kichwa kama yai. Kisha akachora mtu wa pili, mnene, kwenye kipago cha chini. Wakaweka egemeo hewani, wakafuta nguvu moja baada ya nyingine, na msichana mmoja wa mstari wa mbele akauliza kama huyu wa chini naye afutwe, kwa kuwa umbali wake ni sifuri.

"Mwache," alisema Bwana Egemeo. "Andika uzito wake pembeni. Tutamhitaji."

Jumamosi aliingia kwenye kile chumba. Kilikuwa wazi na kikubwa, na kabati, likiwa tupu, lilisogea kwa mkono mmoja. Dirisha lilikuwa bado halijatengenezwa. Hapakuwa na nguo za mtu za kulowa, lakini alikuwa ameahidi. Akapiga deki sakafu, akasimamisha ngazi karibu na ukuta inavyopaswa, akajaza gunia mchanga akalifunga kwenye kipago cha chini, likaning'inia pale bila kugusa sakafu, wima juu ya mguu wa ngazi. Akapanda. Ngazi haikutikisika hata kidogo. Gunia lilifanya kazi yote ya Dada, sawasawa na hesabu. Akakaza kioo cha kwanza, akakaza cha pili, akasokota waya, akakata. Halafu akabaki kule juu na koleo mkononi, muda mrefu kuliko kazi ilivyotaka, akisubiri mtu wa chini amuulize kama amemaliza.